NIMEUZIWA MTAA KIMYA KUMBE NI BARABARA YA MITA 20, NA MBELE YANGU INAJENGWA SHELI!!

Mnyonge wa Tegeta
Wakuu naandika nikiwa na hasira mnisamehe. Miaka miwili nyuma nilinunua nyumba huku ndani ndani mbele ya Tegeta, mtaa unaishia kwenye korongo, hakuna gari inapita zaidi ya za wenyewe, watoto wanacheza mpira katikati ya njia mpaka magharibi. Dalali akaniambia "bosi hapa usiku unasikia mpaka jani likidondoka". Nikalipa.

Na sikununua kama mjinga eti, kabla ya kulipa nilitoa hela ya mwanasheria tukafanya sachi, ikarudi safi, jina ni la muuzaji, hakuna mkopo wa benki, hakuna zuio la mahakama, hati imeandikwa makazi, mita za mraba 800. Sasa mwezi uliopita likaja greda, wanaweka kalavati pale korongoni ili njia itokee upande wa pili, wakaja vijana na tepu na rangi wakapiga X nyekundu kwenye fensi yangu YOTE ya mbele. Kiwanja cha mbele yangu kilichokuwa na migomba kimezungushiwa mabati, nauliza fundi naambiwa inajengwa sheli. SHELI jamani, napikia mkabala na pampu za mafuta! Dalali hapokei simu. Mwanasheria ananiambia "sachi ilikuwa sahihi". Sahihi kivipi wakati fensi inavunjwa??

Chuma cha Mjerumani
Pole mkuu. X nyekundu hulipwi, ya kijani ndo unalipwa. Barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati, sheria ya 2007 hiyo, ukiwa ndani ya 30 umeisha. Ungepima hizo 30 kabla ya kununua tu.

Mama Wawili
Mi yangu imekaa hivyo hivyo, nilinunua Mbagala kwa karatasi ya serikali ya mtaa tu kumbe kiwanja kakiuza kwa watu watatu. Hivi mdogo wangu wewe muuzaji wako ulimpeleka polisi? Mi wangu alikimbilia Mtwara

Mnyonge wa Tegeta
Mama pole, ila mi sijauziwa mara mbili, kiwanja ni changu na hati ninayo. Shida ni barabara na hiyo sheli.

Mzee wa Bikoni
Nimefanya kazi ya michoro miaka mingi kabla sijastaafu, ngoja niseme taratibu. Kijana wa mita 30 yuko nusu sahihi. Hizo 30 ni za barabara kuu na za mkoa, zile za TANROADS, na hata huko usikariri, Kimara mwaka 2017 watu walibomolewa kwa hifadhi ya mita 121.5 kila upande. Mtaa wa ndani kama huu upana wake hautoki huko, unatoka kwenye mchoro wa mipango miji wa eneo lenu. Ukipima 30 kutoka katikati ya njia ya mtaani si utamaliza nyumba za watu wote!

Sasa wewe mwenye uzi, chukua tepu unijibu vitu vitatu. Kutoka fensi yako mpaka fensi ya mbele ni mita ngapi? Kiwanja chako ndani ya fensi kina urefu na upana gani? Na bikoni zako za mbele ziko wapi?

Mnyonge wa Tegeta
Nimepima na shemeji sasa hivi. Fensi kwa fensi mita 14. Njia inayopitwa na magari haifiki hata 5, kwingine kote majani na maua ya mke wangu. Ndani ni 20 kwa 43. Bikoni za nyuma nimeziona, za mbele sizioni kabisa.

Mzee wa Bikoni
Haya piga hesabu mwanangu. 20 kwa 43 ni 860, hati inasema 800 yaani 20 kwa 40. Hizo 60 zimetoka wapi? Aliyekuuzia alisogeza fensi mita 3 kwenye barabara, bikoni za mbele kazifukia ndani ya ua, chimba hapo kwenye maua mita 3 kutoka ukutani utazikuta kama hajang'oa. Na jirani wa mbele kama naye kasogea 3 basi 14 jumlisha 6 ni 20. Mchoro una barabara ya mita 20, na barabara ya mita 20 haichorwi ili iishie korongoni, hiyo ni ya kuunganisha mitaa, daraja lilikuwa linasubiri hela tu. Mtaa wako haukuwa kimya, ulikuwa haujakamilika.

Sachi yako kweli ilikuwa sahihi. Sachi inaulizia kiwanja chako tu, nani mwenye nacho na kina deni gani. Haiulizi jirani kapangiwa nini wala njia ina upana gani. Hiyo unaipata kwa kwenda kwa afisa mipango miji na namba ya kiwanja na kitalu, unaomba kuona mchoro mzima ulioidhinishwa. Na uulize kama umefanyiwa marekebisho, maana ukiona wa zamani unaweza kukuta eneo la wazi ambalo leo limeshagawiwa viwanja.

Chuma cha Mjerumani
Aisee nimekuelewa mzee. Ila mbona hata mwanasheria hakumwambia apime ndani ya fensi, hiyo si hata tepu ya elfu tano?

Mnyonge wa Tegeta
MZEE nimechimba. Bikoni moja nimeipata chini ya mti wa mlangilangi, mita 3 na kidogo kutoka ukutani. Nimekaa chini kabisa. Kwa hiyo nililipia mita 60 za serikali. Na sheli je?? Hati yangu inasema makazi!

Mzee wa Bikoni
Hati yako inakubana wewe, haimbani wa mbele. Kuna njia mbili tu. Ama kiwanja chake kilichorwa kituo cha mafuta tangu mwanzo, viwanja vya kona vya barabara pana ndo huwa hivyo, hapo huna hoja kubwa. Ama kilikuwa makazi akaomba kubadili matumizi, hapo huwa kuna tangazo la kusudio na majirani mnaruhusiwa kupinga kwa maandishi. Uliona tangazo?

Mnyonge wa Tegeta
Sijaona chochote. Ila mke wangu anasema kulikuwa na kibao kimebandikwa kwenye mgomba mwaka jana akadhani ni tangazo la mganga.

Mama Wawili
🤣🤣 samahani mdogo wangu

Mzee wa Bikoni
Basi jumatatu asubuhi nenda na picha ya hati, uliza mchoro, soma kwanza kiwanja cha mbele kimeandikwa nini. Fensi usipigane nayo, ivunje mwenyewe uokoe tofali na geti kabla ya greda. Kwa hizo mita 3 fidia sioni, ila kumdai aliyekuuzia, hilo muulize mwanasheria mwingine, si yule.

Mnyonge wa Tegeta
Muuzaji yuko Oman sasa hivi. Jumatatu nitakuja kusema nilichokuta.