Naomba ushauri: amri za Kijerumani, mal na doch zinanichanganya

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada kwa wanaojua Kijerumani vizuri. Nipo Ujerumani miezi minne sasa, nalea watoto wawili kwenye familia moja, na kutwa nzima ni kuwaambia fanya hiki acha kile.

Kwa wote wawili natumia ihr, hiyo rahisi, naondoa tu kiwakilishi: kommt, esst, wartet. Kwa bibi yao natumia Sie na ile Sie inabaki nyuma ya kitenzi, warten Sie bitte. Hata sein nimeikariri, sei, seid, seien Sie.

Shida ni du. Nilimwambia mdogo "nehm den Löffel" akanisahihisha, ni nimm. Basi nikajua kitenzi kikibadilika kwenye du, amri nayo inabadilika, kama gib, lies, hilf. Juzi yuko kwenye baiskeli nikamwambia "fähr langsam" maana ni du fährst, dada yake akasema hapana, ni fahr. Sasa mbona hii imerudi kwenye a?

Kingine, mama yao aliniambia nikisema "komm her" peke yake nasikika mkali, niweke mal, na kweli "komm mal her" inapokelewa vizuri. Ila doch sijaielewa kabisa, mgeni anaambiwa "setz dich doch" kwa upole, halafu mtoto anaambiwa "hör doch auf" kwa hasira.

Maswali yangu: vitenzi vyote vya a kuwa ä vinabaki na a kwenye amri? Na doch nitajuaje lini inalainisha na lini inakaripia?