Wamemfutia dada yangu leseni kwa sababu isiyoingia akilini. Je, jaji anaweza kuirudisha?

Mpenda_Haki
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa wanasheria na waliowahi kupita njia hii.

Dada yangu anaendesha kituo cha kulelea watoto wadogo. Mwezi uliopita mamlaka inayotoa leseni ilimwandikia barua ya kumfutia. Barua ina sababu mbili tu. Ya kwanza, jengo halina mlango wa pili wa kutokea wakati wa dharura. Ya pili, eneo la kuchezea ni dogo "kwa idadi ya watoto waliopo".

Kilichotuchanganya ni hiki: mkaguzi wao alifika, akajaza fomu, na nakala tunayo. Kwenye fomu ameandika kwa mkono wake: "Milango ya kutokea: miwili, yote inafunguka." Huyo huyo ndiye aliyetajwa kwenye barua kuwa ndiye msingi wa uamuzi. Kuhusu eneo la kuchezea, ni kweli si kubwa, lakini vituo vingi viko hivyo na havijafungwa.

Nimesikia kuna maombi ya mapitio ya mahakama, na kwamba uamuzi usio na busara unaweza kutenguliwa. Ninachotaka ni jaji asome faili, aone upuuzi huu, aamuru leseni irudi. Inawezekana?

Kijana_wa_Sheria
Pole sana. Ila usipoteze hela. Kwenye mapitio mahakama haiangalii uamuzi wenyewe hata kidogo. Inaangalia utaratibu tu: mlipewa nafasi ya kujieleza au hapana, aliyeamua alikuwa na mamlaka au hapana. Kama walifuata taratibu, hata uamuzi uwe mbovu vipi, jaji hana la kufanya.

Wakili_wa_Zamu
Kijana, umesema nusu. Utaratibu ni msingi mmoja, mamlaka ya kisheria ni mwingine, na kukosa busara ni wa tatu unaosimama wenyewe. Huu wa tatu unamruhusu jaji kugusa uamuzi wenyewe, ila kizingiti chake ni kirefu.

Mpenda_Haki, nitakueleza kwa urefu kidogo, kwa sababu kesi nyingi za namna hii hufa pale mwombaji anapoomba kitu ambacho jaji hawezi kumpa.

Chanzo cha msingi huu ni kesi ya Wednesbury, Uingereza, 1947. Halmashauri iliruhusu jumba la sinema kufunguliwa Jumapili, kwa sharti kwamba mtoto wa chini ya miaka 15 asiingie, hata akiwa na mzazi. Wenye sinema wakaenda mahakamani wakisema sharti hilo halina busara. Walishindwa. Jaji Greene alisema mahakama itaingilia pale tu uamuzi unapokuwa wa ajabu kiasi kwamba hakuna mamlaka yenye akili timamu ingeweza kuufikia. Halmashauri iliruhusiwa kujali ustawi wa watoto. Kwamba mtu mwingine angeamua tofauti hakukutosha.

Sasa soma barua ya dada yako kwa jicho hilo. Malalamiko yenu ni mawili na hayana uzito sawa. La mlango ni zito. Mamlaka imejenga uamuzi juu ya ripoti, na ripoti inasema kinyume. Hapo hubishani na maoni ya mtu, unaonyesha kwamba hitimisho halina mguu wa kusimamia. La eneo la kuchezea ni jepesi. Udogo wa eneo kwa idadi fulani ya watoto ni jambo la kupima, na sheria imempa mamlaka kazi ya kupima. Mkimwambia jaji "eneo linatosha", mnamwomba avae kofia ya mkaguzi, na atakataa.

Baba_Tatu
Hata mimi yamenikuta. Kampuni niliyofanya kazi ilinifukuza kwa sababu ya kipuuzi kabisa, eti nimechelewa, na daftari la getini linaonyesha niliwahi. Na mimi naweza kwenda na hii ya kukosa busara?

Wakili_wa_Zamu
Baba_Tatu, pole, lakini yako ni njia nyingine. Mapitio ni ya maamuzi ya wenye mamlaka ya umma. Mwajiri binafsi unamshitaki kwa sheria za kazi, na huko utapata kitu ambacho Mpenda_Haki hatakipata: mashahidi watahojiwa na ukweli utapimwa upya. Fungua uzi wako, na lile daftari lihifadhi.

Mpenda_Haki
Asante wakili. Bado kuna jambo linaniumiza. Jaji ni mtu mwenye elimu. Akiona kabisa kwamba uamuzi ni mbaya, kwa nini ajizuie? Si ndiyo kazi ya mahakama kutenda haki?

Bi_Msajili
Nimefanya kazi masjala ya mahakama miaka mingi, nikusaidie kwa nilichokiona mezani. Faili la mapitio ni karatasi: maombi, maelezo, hati za kiapo za pande mbili na viambatanisho. Kwa kawaida hakuna shahidi anayepanda kizimbani. Jaji haendi kuona jengo. Hajui vituo vingine mia vinavyosimamiwa na mamlaka hiyo vikoje, wala kiwango kipi kinatumika kwa wote. Akisema eneo linatosha kwa dada yako, kesho watakuja wengine kumi wakitaka kipimo hicho hicho, na yeye hana mkaguzi wala futi ya kupimia.

Halafu liko la msingi zaidi. Bunge lilipotunga sheria lilimpa nani kazi ya kuamua? Lilimpa mamlaka. Jaji akiamua badala yake, naye anakuwa amevuka mipaka aliyowekewa na sheria, na kuvuka mipaka ndilo kosa ambalo kesi hizi zipo ili kulizuia.

Wakili_wa_Zamu
Bi Msajili ameniwahi. Niongeze kesi mbili zinazoonyesha mstari unapopita. Ni za Uingereza na zote zilihusu ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo.

Ya kwanza ni Johnson, Mahakama ya Rufaa, 2020. Ruzuku ilikokotolewa kwa vipindi vya mwezi mmoja, kwa kuangalia mshahara ulioingia ndani ya kipindi. Waombaji walikuwa akina mama wanaolea watoto peke yao, wanaolipwa mwisho wa mwezi au karibu yake. Siku ya malipo ikiangukia wikendi, mwajiri alilipa mapema, na mishahara miwili ikaingia kwenye kipindi kimoja. Mfumo ukasoma kwamba mama amepata mara mbili, ruzuku ikaporomoka. Kipindi kilichofuata ukasoma kwamba hana mshahara kabisa, na kwa hiyo akakosa ule msamaha wa sehemu ya mshahara isiyohesabiwa, ambao hutolewa kwa mwenye mapato ya kazi. Mmoja wao alikuwa anapoteza karibu pauni 500 kwa mwaka, na kipato chake hakikuwa kimebadilika hata senti. Mahakama ilisema kanuni zenyewe zilisomwa sawasawa na wizara, lakini kukataa kutafuta dawa ya tatizo hili mahususi kulikosa mantiki. Hakuna lengo la sera lililotajwa ambalo lilihitaji watu hawa waumie hivyo.

Tazama mahakama iliishia wapi. Haikuandika kanuni mpya wala haikusema mishahara ihesabiwe vipi. Ilitamka kosa, ikaiachia wizara itafute njia, na kanuni zikarekebishwa mwaka huo huo.

Ya pili ni Pantellerisco, 2021. Mama huyu alilipwa kila baada ya wiki nne, si kila mwezi. Kwa hesabu za kipindi cha mwezi, mapato yake yalionekana kuwa chini ya kiwango cha kumwondoa kwenye ukomo wa ruzuku katika miezi 11 kati ya 12, ingawa kwa saa alizofanya kazi alikuwa anakifikia. Mahakama Kuu ilisema hilo linakosa mantiki. Mahakama ya Rufaa ikatengua: kuchora mstari ni kazi ya mtunga sera, mfumo rahisi una faida zake, na kuna watu wataangukia upande mbaya bila mstari wenyewe kuwa wa kichaa.

Mimi binafsi naona Pantellerisco ni chungu. Lakini ndiyo inayokuonyesha kwamba kuumia na hata kuonewa huruma na jaji havitoshi.

Nyota_ya_Pwani
Wakili, mbona unazungumza kana kwamba ni Wednesbury hadi leo? Kenya tuna ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 na sheria ya hatua za haki za kiutawala ya 2015. Hiyo imetaja waziwazi kukosa busara na pia hatua kutolingana na haki au maslahi inayoyagusa. Kumfutia mtu leseni bila kumpa muda wa kurekebisha eneo la kuchezea kunaweza kushindwa kwa kipimo hicho. Jaji hapo lazima aingie ndani kidogo.

Wakili_wa_Zamu
Ni kweli, na ni hoja nzuri. Kipimo cha ulinganifu kinamruhusu jaji kuuliza kama kulikuwa na hatua laini zaidi. Kinaenda mbali kiasi gani, hata huko majaji wanavutana: wapo wanaosema sasa wanaweza kupima uamuzi wenyewe, wapo wanaoshikilia mstari wa zamani. Mpenda_Haki, hoja ya kunyimwa muda wa kurekebisha iwekeni, lakini msiifanye nguzo mpaka mwone sheria ya kwenu inasemaje.

Mpenda_Haki
Nimeelewa kuhusu mlango. Sasa tukishinda, leseni inarudi?

Wakili_wa_Zamu
Kwa kawaida jaji anaufuta uamuzi na kulirudisha suala kwa mamlaka ile ile iamue upya kisheria. Uamuzi wa kufuta leseni ukiondoka, leseni iliyokuwepo inasimama, kama muda wake haujaisha. Lakini mamlaka inaweza kukaa tena, ikaacha hoja ya mlango, ikaishikilia ya eneo la kuchezea na kuieleza vizuri, na kufuta kwa mara ya pili. Hapo mtakuwa na kazi mpya.

Kwa hiyo kabla ya yote tafuteni kama sheria inatoa rufaa kwa bodi au baraza. Kwenye rufaa ya namna hiyo mara nyingi mnaweza kubishana kuhusu ukubwa wa eneo, kuleta vipimo, hata kuomba lipimwe upya. Na mkiiruka rufaa, huenda mahakama ikawafukuza kwa kutomaliza njia zilizopo.

Mpenda_Haki
Tumeikuta. Kuna rufaa kwa bodi ndani ya siku 30, na zimebaki tisa. Dada anaandaa mchoro wa eneo wenye vipimo. Swali la mwisho: wakishaona fomu ya mkaguzi, wakaja na sababu ya tatu ambayo haikuwemo kwenye barua?

Bi_Msajili
Hiyo hutokea sana. Mbele ya bodi inaweza kupokelewa, kwa hiyo mjiandae kuijibu. Mahakamani ni tofauti: uamuzi hupimwa kwa sababu zilizokuwepo siku ulipofanywa, na hati ya kiapo yenye sababu iliyozaliwa baada ya kesi majaji huitazama kwa mashaka makubwa. Barua ya awali na bahasha yake yenye muhuri wa tarehe msizitenganishe.

Nyota_ya_Pwani
Na fomu ya mkaguzi itolewe nakala iliyothibitishwa leo, kabla haijaombwa na mtu mwingine yeyote.