Naombeni ushauri: makato ya benki kwa mwenye duka Kongowea

Jirani yetu ana duka la nafaka Kongowea. Alipochapisha taarifa ya akaunti ya miezi minane, aliona makato mawili: 250 za kuendesha akaunti, na shilingi 3 kwa kila ujumbe wa simu. Alikuwa akihamisha fedha za Till kwenda benki mara mbili kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na kila mara huja meseji, kwa hivyo meseji peke yake ni 156. Jumla 406 kwa mwezi, 3,248 kwa miezi minane. Kwa senti-senti hizo, nani angeshtuka?

Alikwenda tawini na taarifa aliyoipigia mistari. "Samahani mwanangu, nionyeshe niliposaini haya ya meseji."

Karani akajibu, "Yamo kwenye masharti, mama." Fomu yenyewe hakuitoa.

Meseji amezifunga, na sasa huhamisha fedha mara moja kwa siku. Hizo 250 zaonekana halali, zimo kwenye orodha ya ada ukutani. Je, adai zile 1,248 za meseji kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa, au aanze na meneja? Na wakikaa kimya, Benki Kuu hutaka nakala gani?