42,000 kwa dawa ya 4,500: wenye maduka ya dawa tuambieni ukweli

Mwana_Korogwe:

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuambiwa nitulie.

Mama yangu ana presha. Anameza kidonge kimoja cha amlodipini miligramu 5 kila asubuhi. Dokta alimwandikia kwenye cheti "Norvasc 5 mg", basi. Kila mwezi tunakwenda duka lile lile la dawa, tunalipa 42,000 kwa boksi la vidonge 30. Kila nikiuliza kama ipo ya bei nafuu, jibu ni hilo hilo: "Kaka, hii ndiyo aliyoandika dokta, nyingine hatuna."

Wiki hii nimesimama pale kaunta, mbele yangu kuna mama mmoja katoka zahanati. Cheti chake kimeandikwa "Amlodipine 5 mg". Mhudumu akageukia kabati lile lile, akatoa karatasi tatu za vidonge kumi kumi, akamwambia 4,500. Mama wa watu akalipa, akaondoka zake.

Nikaomba boksi la ile dawa niliangalie. Nikaliweka kando ya la mama yangu. La kwetu lina jina la kibiashara kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi za kutafuta kwa miwani: amlodipini, 5 mg. La pili halina jina la kujipamba, limeandikwa amlodipini tangu juu, na maelezo kwamba kila kidonge kina amlodipini besilati inayolingana na amlodipini 5 mg. Kiambata kile kile, yaani dawa yenyewe iliyomo, nguvu ile ile, vidonge vya kumeza vya kawaida vyote viwili.

Fanyeni hesabu. Sisi tunalipa 1,400 kwa kidonge, yule mama kalipa 150. Tofauti ya mwezi ni 37,500, ya mwaka ni 450,000. Na hii si dawa ya wiki moja, presha mtu anaimeza hadi anaingia kaburini.

Nikamuuliza mhudumu kwa nini miezi yote hii ananiambia haipo. Akanijibu, "Yako ni orijino, hii ni ya kawaida." Sasa kama ni ya kawaida, mbona ulisema haipo? Huo si ushauri wa dawa, huo ni wizi wa mchana. Mama anauza mihogo ya kukaanga alipe hiyo 42,000!

Nataka kujua mawili. Je, hizi dawa mbili ni sawa kweli? Na mtu asiyesomea dawa atajuaje akiwa pale pale kaunta?

Kanzu_ya_Mzee:

Pole kijana, lakini usikimbilie rahisi. Orijino ni orijino. Hizi za jina la kawaida sheria inaziruhusu zipungue hadi asilimia 80, nimeisoma hiyo mahali. Ndiyo maana bei iko chini. Mimi dawa ya moyo wangu siichezei.

Binti_Pangani:

Kwani lazima amlodipini? Shangazi yangu anatumia losartani, na yeye ana presha, bei yake ni ya chini kabisa. Mnunulie mama hiyo uachane na hao matapeli.

mfamasia_kanda_ya_ziwa:

Ninafanya kazi hii, kwa hiyo nijibu kwa utaratibu.

Binti, hapana. Losartani na amlodipini zote zinashusha presha, ila ni viambata viwili tofauti vinavyofanya kazi kwa njia tofauti. Kubadili kutoka moja kwenda nyingine ni uamuzi wa daktari. Anachosema mleta uzi ni kitu kingine kabisa: kiambata kile kile chenye majina mawili. Hapo ndipo unaweza kulinganisha bei.

Mzee Kanzu, hiyo 80 umeiona kweli, ila haihusu kiasi cha dawa ndani ya kidonge. Kampuni inayotaka kusajili jeneriki, yaani hizo za jina la kawaida, huwapa watu waliojitolea dawa zote mbili, kisha inapima kiasi kinachofika kwenye damu. Uwiano wa vipimo hivyo, pamoja na wigo wote wa mashaka ya kitakwimu, lazima uangukie kati ya asilimia 80 na 125. Ili wigo wote uingie humo, wastani wa dawa hizo mbili lazima ukaribiane. Kidonge chenyewe kikiandikwa 5 mg, mle ndani inatakiwa kuwepo takribani 5 mg, kiwe cha nani.

Bei iko chini kwa sababu nyingine. Hataza ya amlodipini, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, iliisha Marekani mwaka 2007, na viwanda vingi vinaitengeneza. Anayeitengeneza leo hana gharama ya kuigundua wala ya kulitangaza jina.

Mleta uzi, pale kaunta angalia vitu vitatu kwa mpangilio huu. Kwanza jina la kiambata, lile la herufi ndogo. Likiwa na viambata viwili vimeunganishwa kwa alama ya kujumlisha, hiyo ni dawa nyingine, usiilinganishe na yenye kimoja. Pili nguvu, yaani miligramu za kila kiambata. Tatu aina ya kidonge. Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa sababu kuna vidonge vinavyoachia dawa polepole mchana kutwa, na huwa vina herufi kama SR, XR, ER, CR au neno "retard" baada ya jina. Nifedipini retard ya 20 mg si sawa na nifedipini ya kawaida hata kama namba zinalingana. Metformini 500 XR nayo si metformini 500 tu.

Vikilingana vyote vitatu, gawa bei kwa idadi ya vidonge. Usilinganishe boksi na boksi, maana moja lina 30, jingine 28, jingine 14, na lenye 14 siku zote litaonekana la bei poa.

Mwisho tazama namba ya usajili wa TMDA, mamlaka inayosajili dawa. Unaweza kuitafuta kwenye orodha iliyoko tovuti yao. Isipokuwepo, usinunue hata kama ni ya bure.

Mwana_Korogwe:

Ahsante mfamasia, umeeleza nikaelewa. Ila na wewe jibu: kwa nini mhudumu anasema "haipo" wakati ipo kabatini?

mfamasia_kanda_ya_ziwa:

Silitetei hilo duka, wala silijui. Lakini faida kwa asilimia ileile, 42,000 inaingiza zaidi ya 4,500. Kuna na wahudumu wanaoogopa kugusa alichoandika daktari. Njia ya mkato ni kumwomba daktari aandike jina la kiambata badala ya la kibiashara. Ndivyo miongozo yetu ya tiba inavyotaka.

fundi_redio:

Sasa na mimi niongeze langu. Baba yangu alikuwa na boksi la Norvasc, hospitali wakampa na karatasi ya amlodipini. Yeye akajua ni dawa mbili, maana majina mawili na rangi mbili. Akawa anameza zote kila asubuhi. Miguu ikavimba viatu vikagoma kuingia, akisimama kizunguzungu. Tulizunguka kutafuta ugonjwa wa figo kumbe ni dawa moja mara mbili. Nesi wa zahanati ndiye aliyepanga maboksi mezani akasoma maandishi madogo. Kwa hiyo mkihamia ya bei nafuu, lile boksi la zamani liondoeni ndani ya nyumba.

Kanzu_ya_Mzee:

Hilo la fundi ni la kweli, linatokea. Na hiyo ya asilimia nimekuelewa mfamasia, ila bado nasema feki zipo.

mfamasia_kanda_ya_ziwa:

Feki zipo, ila hata majina yanayouzwa ghali hughushiwa. Jina kubwa halikulindi na feki. Kinachokulinda ni duka lenye kibali, boksi lisilofunguliwa, na namba ya toleo iliyo sawa kwenye boksi na kwenye karatasi ya vidonge.

mama_wawili:

Mimi niliandikiwa Augmentin 625. Dukani 625 imeisha, wakanipa za 375, wanasema nimeze mbili inazidi kidogo tu. Bei ikawa juu kuliko ile ya awali. Ni sawa?

mfamasia_kanda_ya_ziwa:

Si sawa, na hili linanikera. Dawa hiyo ina viambata viwili. 625 ni amoksilini 500 na asidi ya klavulani 125. 375 ni amoksilini 250 na klavulani 125 ile ile. Ukimeza mbili unapata amoksilini 500 kama ulivyoandikiwa, lakini klavulani inakuwa 250, mara mbili. Klavulani ndiyo inayosumbua tumbo na kuleta kuharisha. Hivyo ukiona dawa ya viambata viwili usiangalie jumla iliyoandikwa mbele ya boksi. Geuza, soma kila kimoja. Duka lingeweza kukupa 500 na 125 ya jina jingine, zipo nyingi.

fundi_redio:

Na ile ya kununua amlodipini ya 10 ukaikata katikati? Naona kidonge cha 10 hakizidi sana bei ya cha 5.

mfamasia_kanda_ya_ziwa:

Amlodipini ya kawaida yenye mstari katikati inakatika. Isiyo na mstari nusu hazitoki sawa. Zile zenye retard au XR usikate kamwe, maana unamwaga dozi ya siku nzima kwa mkupuo.

Binti_Pangani:

Nimeelewa la losartani, samahani. Ila mdogo wangu ana kifafa, anatumia kabamazepini ya jina la kibiashara na ni ghali mno. Tukihamia ya jina la kawaida yenye miligramu zile zile si itakuwa sawa na hii ya presha?

mfamasia_kanda_ya_ziwa:

Hapo nasimama. Amlodipini inakaa mwilini muda mrefu, tofauti ndogo haisumbui. Dawa za kifafa, vilevile wofarini ya kuzuia damu kuganda na ile ya tezi ya shingo, nafasi kati ya dozi pungufu na dozi kubwa ni finyu. Wapo madaktari wanaobadilisha bila shida, wapo wanaokataa kabisa mgonjwa aliyetulia aguswe, na sisi wenyewe hatukubaliani. Usibadilishe dukani. Nenda kwa anayemtibu, na akibadilisha mkae na kiwanda kimoja, msiruke ruke kila mwezi.

Mwana_Korogwe:

Kesho nampeleka mama kwa dokta, cheti kiandikwe upya kwa jina la amlodipini, nikitoka hapo naandika barua Baraza la Famasia. Mlioko Korogwe, Muheza na Tanga mjini, wekeni hapa bei mnazonunulia amlodipini 5 mg. Andikeni bei ya kidonge kimoja, siyo ya boksi.

Kanzu_ya_Mzee:

Muheza nilinunua kwa 200 kidonge. Ila niliyoinunua ni ile yenye jina la kampuni, sijui inaingia kwenye hesabu yenu?