Ametupa povu la kahawa yangu kwenye sinki, mbele ya mama mwenye nyumba!

Binti_wa_Chumbageni (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka na jezve ya kupikia kahawa haijaoshwa. Tulio hapa Istanbul sote tunamjua, kwa hiyo simtaji. Ni yuleyule anayejua kila kitu, yule ambaye siku moja atamfundisha imamu kuadhini.

Leo mama mwenye nyumba amepanda kutusalimu. Huyu mama wa Kituruki ndiye aliyenifundisha kupika kahawa ya kwao, na hiyo jezve ya shaba yenye mpini mrefu ni zawadi yake. Miezi saba nimekuwa namharibia kahawa naye anakunywa kimya kimya. Leo nikasema: mama keti, nakupikia mimi.

Nikafanya kila kitu kama alivyonifunza. Maji ya baridi nikayapima kwa finjani ileile ya kunywea, finjani tatu kwa watu watatu. Kahawa laini kama poda ya mtoto, vijiko viwili vya chai kwa kila finjani. Sukari kijiko kimoja kimoja, maana yeye hunywa orta, yaani sukari ya wastani, na kahawa hii sukari hutiwa mwanzoni, haiongezwi mezani. Nikakoroga kabla ya kuwasha jiko mpaka madonge yakaisha, nikaweka moto wa chini kabisa, kijiko nikakitupa mbali. Kuanzia hapo hakuna kukoroga. Unasimama, unatazama.

Dakika ya nne au ya tano hivi, pete ya povu ikaanza ukingoni, rangi ya udongo mwekundu. Ikawa inajifunga taratibu kuelekea katikati, halafu yote ikaanza kupanda shingoni. Wakuu, lilikuwa povu zito la kulalia! Miezi saba nalisubiri!

Simu ikaita, kaka yangu wa Tanga. Nikageuka kidogo tu. Kugeuka tena, namwona kasimama jikoni na kijiko cha supu. Anasema, "Ngoja nikutolee uchafu." AKALICHOTA POVU LOTE AKALIMWAGA KWENYE SINKI. Kisha akafungulia bomba lisukume!

Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni. Ameona. Hakusema neno, aliweka mkono kifuani tu kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba.

Uchafu! Povu aliita uchafu! Kwenye sinki!

Fundi_Bomba

Dada pole, lakini sinki limeziba? Machicha ya kahawa yanakaa kwenye kona ya bomba mwaka mzima.

Mama_Maharage

Mimi naona jamaa yuko sawa. Povu la maharage tunalitoa, la supu ya mifupa tunalitoa, la kahawa lina nini? Na kahawa ya unga mbona ukimwagia maji ya moto haina povu kabisa? Umebadilisha aina?

Mzee_wa_Izmir

Mama, hiyo ya kopo inayeyuka majini. Hii haiyeyuki, unakunywa maji yaliyokaa na unga wenyewe. Na povu lake si uchafu. Kahawa ikikaangwa hubaki na hewa ndani yake. Ikishikwa na joto, ile hewa inatoka, unga laini unainasa, na shingo nyembamba ya jezve inalibana povu lisitawanyike. Ndiyo maana kahawa iliyokaa wazi kabatini miezi haitoi povu hata uipikie kwa dua, na iliyosagwa kwa ukubwa wa chenga hutoa mapovu makubwa yanayopasuka mara moja.

Mleta uzi, kosa la mwenzako ni la kwanza, lakini lako ni la pili: jezve haigeuziwi mgongo. Povu likianza kupanda una sekunde chache tu. Ukichelewa, maji yanatokota, na yakitokota yanalipasua povu lote. Hata asingelichota, ungerudi ukute limemwagika jikoni.

Binti_wa_Chumbageni

Mzee, lingemwagika lenyewe ningesema ni ajali. Huyu alichota KWA KIJIKO. Akasema UCHAFU. Mama alikuwa mlangoni!

Kijana_wa_Sarajevo

Tatizo mmeanza na maji ya baridi. Maji yanachemshwa kwanza, halafu kahawa ndiyo inatiwa. Kisha inapandishwa mara tatu. Hiyo ndiyo njia.

Mzee_wa_Izmir

Hiyo ya maji kwanza ni ya Wabosnia na kwao ni halali kabisa, ila si alichofundishwa binti. Za mara tatu nimezisikia sana. Majirani zangu wanapandisha mara moja, wanagawa povu kijiko kwa kijiko katika kila finjani, wanarudisha kahawa motoni ipande tena, kisha wanamimina polepole ukingoni. Kila ukirudia kupandisha, povu linapungua.

Kijana_wa_Sarajevo

Mara tatu. Babu wa mke wangu ana miaka 84 na ni mara tatu.

Mtu_wa_Forodhani

Hivi kugombania povu ni akili? Kwetu Unguja kahawa inapikwa ndani ya dele, juu ya makaa, inachemka mpaka inasahau jina lake. Tangawizi, iliki, inamiminwa chungu, kashata pembeni, na hakuna anayeuliza povu liko wapi. Finjani ni zilezile, hata neno tumegawana nao.

Mwana_Mvita

Kashata ya Unguja tena? Zile zinazovunja meno? Njoo Mombasa.

Mtu_wa_Forodhani

Ndiyo hiyo inayokushinda kwa sababu huna meno.

Mpangaji_wa_Ujerumani

Nisaidieni mimi. Nimenunua jezve ya shaba kwa pesa nyingi, jiko langu la kioo halipati moto kabisa. Taa inawaka, jezve baridi kama maiti. Nimelirudisha jiko dukani wanasema zima.

Mzee_wa_Izmir

Jiko zima. Jiko hilo linapasha chombo kinachonasa sumaku, na shaba hainasi. Tafuta jezve yenye kitako cha chuma, au jiko dogo la gesi la kambini. Na hiyo ya shaba angalia ndani iwe imepakwa bati. Likichubuka ukaona wekundu, usiipikie mpaka ipakwe upya.

Binti_wa_Chumbageni

Mnazungumzia majiko. Nilimimina ile iliyobaki kwa sababu mgeni hawezi kuondoka mkono mtupu. Nyeusi, tambarare, kama maji ya betri. Na bado yeye akazichukua finjani akazikoroga moja moja kwa kijiko kilekile cha supu!

Mzee_wa_Izmir

Lo. Hilo la kukoroga ndilo baya zaidi, binti. Finjani inaachwa dakika mbili tatu mashapo yazame. Akikoroga mnakunywa tope mpaka mwisho.

Binti_wa_Chumbageni

Hapana mzee. Baya ni povu.

Mke_wa_Mjuaji

Mume wangu anakunywa mpaka mashapo. Anayatafuna. Miaka sita nimemwambia aache kidole kimoja chini, anasema amelipia yote. Nifanyeje?

Mwana_Mvita

Dada, mwanaume anayetafuna mashapo hashindwi kashata ya Unguja. Mtumie Forodhani.

Fundi_Bomba

Mleta uzi hujanijibu. Sinki limeziba au halijaziba?