Gumzo la kikundi cha ukoo: nani anaiona orodha ya marafiki zako?

Shangazi Rehema: Hamjambo wote. Jana mtu alifungua akaunti ya Facebook kwa jina langu na picha yangu, akawatumia maombi ya urafiki wifi zangu wawili na mwalimu wangu wa zamani, kisha akawaomba pesa. Kinachonishangaza ni kwamba alijua wa kuwaendea. Aliwapata wapi?

Neema: Pole sana, Shangazi. Nimefungua ukurasa wako kwa akaunti ya jirani ambaye hamfahamiani, na orodha ya marafiki zako wote imefunguka, majina na picha. Huyo mtu hakuhitaji kuiba nywila. Alisoma tu orodha, akaanza na watu wenye jina la ukoo wetu.

Baraka: Mimi niliweka machapisho yangu yaonwe na marafiki tu, kwa hiyo orodha yangu imejificha yenyewe.

Neema: Hapo umepata nusu, kaka. Mpangilio wa machapisho hauigusi orodha ya marafiki, kwa sababu kila kimoja kina mlango wake. Fungua menyu, ingia "Settings & privacy", kisha "Settings", halafu utafute sehemu inayoitwa "How people find and contact you". Humo kuna swali "Who can see your friends list?", nawe uchague "Only me".

Mjomba Salim: Nami naomba kuuliza. Je, watu wa kikundi hiki wanaweza kuyaona majina yote niliyoyahifadhi kwenye simu yangu? Kama ndivyo, nitajitoa sasa hivi.

Neema: Hapana, Mjomba, usijitoe. Humu tunaonana namba sisi kwa sisi, lakini majina uliyoyahifadhi hayaonekani kwa mwingine. Tunazungumzia orodha iliyo kwenye ukurasa wako wa Facebook.

Baraka: Kwa nini "Only me", ilhali kuna "Friends"? Kuwaficha ndugu zangu naona ni kama kuwatilia shaka.

Neema: "Friends" inamzuia mgeni mpaka siku utakapomkubali. Akaunti bandia ya Shangazi ilikuwa na picha yake halisi, na mmoja wa wifi zake aliikubali bila kusita. Kama wifi huyo ameweka "Friends", basi tangu dakika ile tapeli anaisoma orodha yake nzima, na anayo shehena mpya ya majina. Ndiyo maana mimi nachagua kujificha kabisa, ingawa sikulazimishi.

Shangazi Rehema: Nimebadilisha sasa hivi. Basi nimekwisha kujificha?

Neema: Kwa sehemu kubwa, Shangazi, lakini si kabisa. Mtu mwenye rafiki mmoja au wawili mnaoshirikiana naye ataendelea kuwaona hao marafiki wa pamoja, hata ukiweka "Only me". Tena, rafiki yako akiiacha orodha yake wazi kwa umma, jina lako litaonekana humo, kwa kuwa mpangilio wako unatawala ukurasa wako wala si wa kwake. Na tapeli aliyekwisha kunakili majina hatayasahau, kwa hiyo bado inafaa uwaonye watu na uiripoti ile akaunti.

Baraka: Nimejikagua kwa kubonyeza nukta tatu kwenye ukurasa wangu na kuchagua "View as". Orodha haionekani hata kidogo.

Neema: Vema, ila kipimo hicho kinakuonyesha sura ya umma peke yake, hivyo marafiki wa pamoja hutawaona humo hata kama wengine wanawaona. Vilevile, kurasa na watu unaowafuata wana mpangilio wao chini ya "Followers and public content", nao usiuache.

Zuhura: Mimi niko Instagram zaidi. Nataka mfuasi mmoja tu asione ninaowafuata.

Neema: Huko hakuna kitufe cha orodha peke yake. Ukiifanya akaunti kuwa ya faragha, wasiokufuata hawaoni orodha, lakini kila mfuasi uliyemkubali anaiona. Kwa huyo mmoja, umwondoe kwenye wafuasi au umzuie kabisa. TikTok ni afadhali: ndani ya "Privacy" kuna "Following list", nayo unaweza kujiachia wewe mwenyewe.

Zuhura: Nikimwondoa atajua, na tunaonana kila siku.

Neema: Hapo simu haina jibu, mdogo wangu.

Mjomba Salim: Mimi nauza vitu kupitia ukurasa wangu, na mteja akiona tunafahamiana na ndugu yake huniamini upesi. Sitaificha.

Shangazi Rehema: Kaka, katika orodha yako nimo mimi, na wale wifi wawili wamo pia.

Mjomba Salim: Hilo sikulifikiria. Nipe hadi jioni niliwaze.