Excel inakataa kukopi kolamu tatu nilizochagua kwa Ctrl, naomba msaada

MwekaHazina_Arua
Habari za leo wakuu. Nasaidia hesabu za kikundi cha wakulima hapa Arua. Daftari letu la manunuzi ya simsim liko kwenye Excel 2010, kompyuta ya zamani lakini haijatuangusha. Vichwa vya kolamu viko mstari wa 3, wakulima wanaanza mstari wa 4 hadi 863, kisha mstari wa 865 kuna jumla. B ni jina, C kijiji, D namba ya simu, E kilo, F bei, G makato, H fedha alizopokea mkulima.

Mkaguzi wa hesabu anataka jina, kilo na fedha tu, yaani B, E na H. Namba za simu za watu sitaki zitoke ofisini. Nilianza kwa kushika Ctrl na kuburuta mausi, lakini ikigusa chini ya skrini inakimbia, nashtukia niko mstari wa elfu mbili na zaidi. Kijana mmoja akanionyesha Ctrl, Shift na mshale wa chini kwa pamoja. Inashuka upesi kweli, ila nikibonyeza Ctrl+C inaniandikia hivi:

```
That command cannot be used on multiple selections.
```

Kwenye faili la mahindi njia hiyohiyo ilikubali. Hapa tatizo ni nini?

Okello_wa_Busia
Rahisi sana hiyo. Ficha kolamu ambazo huzitaki, C, D, F na G. Halafu bofya B3, shuka chini, shika Shift ubofye H863, kopi. Hakuna haja ya Ctrl hata kidogo. Mimi ndivyo ninavyofanya kila wiki.

NakatoPhone
Mimi natumia Excel ya simu, hiyo Ctrl naipata wapi? Au ni ile alama ya pembeni?

FundiWaHesabu
Nakato dada, hapa tunaongelea kompyuta yenye kibodi. Fungua uzi wako, usije ukapotea humu.

Okello, hiyo yako inamfaa anayechapa karatasi. Kwa mweka hazina ni hatari. Kolamu uliyoificha kwa mkono bado imo ndani ya uchaguzi wako. Ukichagua kutoka B hadi H kwa Shift, ukakopi, ukapesti kwenye faili jipya, zile namba za simu zinajitokeza zote wazi kabisa. Ukitaka kuficha kweli, baada ya kuchagua bonyeza Alt na nukta-mkato `;` kabla ya Ctrl+C. Hapo Excel inabakiza seli zinazoonekana tu. Jaribu kwenye faili la mchezo uone tofauti.

Mweka hazina, nikuulize kwanza. Kolamu H imejaa yote, au kuna mahali pameachwa wazi?

MwekaHazina_Arua
Kuna wakulima ambao hawajalipwa, nimewaachia wazi. Wa kwanza yuko mstari wa 412, na wengine wachache huko chini.

FundiWaHesabu
Basi mgonjwa wetu ndiye huyo. Ctrl+Shift na mshale wa chini haiendi mwisho wa orodha, inakwenda hadi seli ya mwisho iliyojazwa kabla ya pengo. Ulipoanza B3 ilifika B863 kwa sababu kila mkulima ana jina. E nayo vilevile. H ilipokutana na pengo la 412 ikasimama 411. Sasa una vipande vitatu, viwili vinafika 863 na kimoja kimekatika njiani. Excel inakubali kukopi vipande vilivyotengana pale tu vinapolingana, na kwa kolamu maana yake vianze mstari mmoja na viishie mstari mmoja. Faili lako la mahindi halikuwa na mapengo, ndiyo maana lilipita.

Usiburute. Kazi kama hii inataka mtu aelewe kila kitufe kinafanya nini. Shift inanyoosha uchaguzi kutoka seli uliyoanzia hadi pale unapobofya. Ctrl inaongeza kipande kipya bila kufuta vya zamani. Kwa hiyo Ctrl ni ya kuanzisha kolamu, Shift ni ya kuimalizia.

Fanya hivi. Bofya B3 peke yake, bila kushika kitufe chochote. Zungusha gurudumu la mausi hadi uone mstari wa 863. Usitumie mishale ya kibodi, ukiigusa tu seli ya kuanzia inahama. Shika Shift, bofya B863, achia. B imekamilika.

Sasa usirudi juu. Ukiwa hukohuko chini shika Ctrl, bofya E863, achia Ctrl. Panda kwa gurudumu hadi juu, shika Shift, bofya E3. Shift haijali kama unashuka au unapanda. Ukiwa juu shika Ctrl, bofya H3, achia, teremka, shika Shift, bofya H863. Mapengo ya H hayatakusumbua kwa sababu safari hii mwisho umeuonyesha wewe mwenyewe. Halafu Ctrl+C.

MwekaHazina_Arua
Asante sana mkuu. Nimejaribu, nikafika E, mara maandishi yakaanza kuwa madogo madogo hadi siwezi kusoma mstari upi ni upi. Mausi ni mbovu au?

FundiWaHesabu
Mausi ni nzima. Umezungusha gurudumu huku kidole bado kiko kwenye Ctrl. Excel ikiona Ctrl pamoja na gurudumu inapunguza au kukuza ukubwa wa shiti. Zungusha upande wa pili ukiwa bado umeshika Ctrl, itarudi. Kwenye kona ya chini kulia kuna asilimia, irudishe kwenye 100. Uchaguzi wako hautapotea kwa sababu hiyo, endelea ulipoishia. Ndiyo maana nilisema kila mara achia Ctrl kwanza, ndipo utembee.

Jambo la pili la kuangalia ni mahali unapobofya. Lenga katikati ya seli, mshale ukiwa ule msalaba mweupe mnene. Ukishika ukingo wa sehemu uliyochagua, ukavuta, umehamisha data yenyewe. Ukivuta ukingo huo huku umeshika Ctrl, unatengeneza nakala na kuiweka juu ya data ya mtu mwingine. Ukiona tarakimu zimetokea mahali zisipokuwepo, Ctrl+Z papo hapo.

MwalimuJinja
Mbona mnajisumbua na gurudumu? Bofya herufi B juu kabisa, shika Ctrl, bofya herufi E, kisha herufi H. Kolamu tatu nzima zimeingia, zote zina urefu mmoja, kopi. Kwangu matokeo ya wanafunzi nayapeleka hivyo.

FundiWaHesabu
Mwalimu, inakubali kweli na ni ya haraka, mapengo hayaigusi. Lakini kolamu nzima ni mistari 1,048,576, kwa hiyo unabeba na kichwa cha juu, na ile jumla ya mstari wa 865. Pia lazima upesti ukianzia mstari wa 1 wa shiti mpya. Ukianzia A2, kolamu haienei na Excel inagoma. Kama mweka hazina yuko tayari kufuta jumla na vichwa baadaye, aitumie. Mimi mkaguzi ningempa vipande kamili.

Okello_wa_Busia
Ya Alt nimeijaribu, ni kweli. Nilikuwa natuma zaidi ya nilichodhani, acha ninyamaze kuhusu hilo.

Ila niulize langu. Hapa mpakani nachagua malipo kwa Ctrl moja moja nisome `Sum` pale chini ya skrini. Leo nimechagua 180,000, 95,000 na 240,000. Kichwani napata 515,000, kompyuta inasema 610,000. Na yangu ni Excel ya zamani pia.

FundiWaHesabu
Zidio ni 95,000, sawasawa na malipo ya pili. Umeibofya mara mbili. Kwenye Excel za zamani seli iliyochaguliwa mara mbili kwa Ctrl inahesabiwa mara mbili, na huwezi kuitoa kwa kuibofya tena, unazidi kuiongeza. Ukiangalia vizuri, rangi yake imekoza kuliko za wenzake. Inabidi ubofye mahali pengine uanze upya. Kwenye Excel za Microsoft 365 kubofya tena kwa Ctrl kunaitoa. Kwa hiyo anayehama kati ya kompyuta mbili awe macho, kitendo kilekile kinaleta majibu tofauti.

MwekaHazina_Arua
Imekubali! B, E na H zimekaa kolamu tatu jirani kwenye faili jipya, simu hazimo. Kushuka na B, kupanda na E kumeniokolea muda mwingi.

Nimeulizwa nikishachagua nitajuaje kwamba sijaruka mtu?

FundiWaHesabu
Chagua kolamu moja moja kwa Shift uone `Count` pale chini. B ikiwa imejaa kutoka 3 hadi 863 itasoma 861, wakulima 860 na kichwa kimoja. E iwe hiyohiyo. H itasoma pungufu, na upungufu huo ndio idadi ya wasiolipwa. Linganisha na orodha yako.

Na kama mausi inakuchosha, kuna kisanduku kidogo kushoto juu ya herufi A, kinachoonyesha jina la seli. Bofya humo, andika hivi, bonyeza Enter:

```
B3:B863,E3:E863,H3:H863
```

Vipande vyote vitatu vinachaguliwa kwa mara moja.

MwalimuJinja
Mimi ningejaza mapengo kabisa. Kwa Ctrl bofya kila seli tupu ya H, andika 0, kisha badala ya Enter bonyeza Ctrl+Enter. Sifuri inaingia kote kwa mkupuo, na tangu hapo Ctrl+Shift na mshale inashuka hadi mwisho bila kusimama.

FundiWaHesabu
Kiufundi uko sawa, mwalimu. Lakini kwenye daftari la fedha sifuri inasema mtu huyu alistahili kupata sifuri. Pengo linasema bado hatujamlipa. Na wastani unaoonekana pale chini utashuka, kwa sababu sifuri inahesabiwa na pengo halihesabiwi.

MwalimuJinja
Kwenye alama za wanafunzi tunaweka sifuri na hakuna aliyelalamika.

MwekaHazina_Arua
Hapo wakubwa mnanichanganya. Kwa sasa nayaacha wazi, nitamuuliza mkaguzi akija anataka yaandikweje.